Kabla ya supu ya pweza, nenda kapime mafuta kwenye damu

Binamu yangu ana miaka 47, ana duka la spea Mbagala, na mwaka jana alinipigia saa nne usiku akazungukazunguka weeee, mara biashara mara watoto, mwisho akasema "mdogo wangu, jogoo hapandi mtungi". Kumbe karibu mwaka mzima ameshamaliza supu ya pweza, alkasusu na vumbi la Kongo, na shemeji ameshaanza kuhisi kuna mchepuko.

Mimi kazi yangu ni maabara, sio daktari, ila nilimuuliza swali moja tu: asubuhi ukiamka inasimama? Akasema hapana, ilianza kulegea polepole, na asubuhi nako ikapotea. Hapo ndo nikashtuka, maana kama ingekuwa ni mawazo tu au ugomvi wa ndani, mara nyingi tatizo linakuja ghafla na asubuhi mambo yanakuwa fresh tu. Ikififia kidogo kidogo kila mahali, kwa mtu wa umri wake, lazima uanze kufikiria mishipa.

Ateri zinazopeleka damu kwenye uume ni nyembamba, milimita 1 hadi 2. Zile za moyo ni kama 3 hadi 4. Sasa chukua mshipa wa milimita 1.5, uuwekee utando wa mafuta wa robo milimita pande zote, unabaki na milimita 1, yaani nafasi ya damu kupita imeshuka chini ya nusu. Utando huohuo kwenye mshipa wa moyo wa 3.5 unabakiza 3, nafasi bado ni karibu robo tatu, mtu anabeba gunia anapanda ngazi na hasikii kitu. Uchafu ni uleule ila bomba dogo ndo linalalamika kwanza. Na kabla hata utando haujawa mnene, ngozi ya ndani ya mshipa inakuwa imeshachoka, haitoi nitriki oksaidi ya kutosha, gesi inayouambia mshipa utanuke, na bila kutanuka damu haijai. Ndo maana kwa wanaume wengi waliokuja kupata ugonjwa wa moyo, ukiwauliza vizuri, huku chini kulianza kugoma miaka 2 mpaka 5 kabla ya kifua kubana.

Kinachoniudhi mimi ni duka la dawa. Binamu alishawahi kununua viagra dirishani, hakuna aliyemuuliza presha, sukari wala kama ana dawa za moyo, na mtu anayetumia vidonge vya naitreti vya kifua akichanganya na hiyo kitu presha inaweza kuporomoka mpaka akafa. Na hizi poda za "asili" msizione hivi, kuna nyingine zikipimwa zinakutwa na dawa hiyohiyo imechanganywa kimyakimya. Halafu ikifanya kazi ndo mbaya zaidi, unarudi nyumbani kifua mbele na bomba linaendelea kuziba.

Basi akaenda kupima. Kwa milimoli kwa lita, kolesteroli yote 6.4, HDL ile kolesteroli nzuri 0.9, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, 2.2. Kupata LDL, ile inayojenga utando, unatoa HDL, halafu unatoa trigliseridi ukigawa kwa 2.2, kwa hiyo 6.4 toa 0.9 toa 1, inabaki 4.5. Kwa mtu wa kawaida tunapenda iwe chini ya 3. Presha 148 kwa 94, sukari ilikuwa safi, sigara anavuta. Na ni mwembamba yule, ukimuona huwezi kudhani ana mafuta, sijui nani alitudanganya kwamba kolesteroli ni ya watu wenye kitambi.

Sisemi kila anayelegea ana moyo mbovu. Sukari inaharibu mishipa na neva pia, dawa nyingine za presha zinachangia, homoni ikishuka nayo ni shida, na kijana wa miaka 24 mara nyingi ni woga tu. Pia mafuta yakiwa sawa haimaanishi mishipa ni mizima, mvutaji anaweza kuwa na LDL nzuri na bomba limeoza, kwa hiyo presha na sukari vipimwe siku hiyohiyo.

Daktari alimpima moyo kwanza, akamuanzishia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na dawa ya presha, sigara akaambiwa aache, ameipunguza tu huyu mkaidi. Baada ya miezi mitatu LDL ilisoma 2.6. Huko chini kumerudi ila sio kama zamani, asubuhi nyingine ndiyo nyingine hapana, na siku mojamoja bado anameza kidonge, safari hii kaandikiwa na daktari, na shemeji anajua kimewekwa wapi.