Yeyuka au mumunyika?

"Kila mtoto anasema sukari imeyeyuka kwenye chai. Kwa nini kitabu cha kemia kimsumbue kwa 'mumunyika'?"

Hoja hii ina uzito. Istilahi ambayo mwanafunzi ameizoea tangu nyumbani humpunguzia mzigo, na mumunyika litawakumbusha wengi pipi inayomumunywa mdomoni.

Lakini barafu nayo huyeyuka, na samli, na nta. Chumvi ya mezani pia huyeyuka kama samli, ila mpaka ifikie nyuzijoto 801 za Selsiasi. Chumvi hiyohiyo ukiikoroga katika gramu 100 za maji ya kawaida, gramu 36 hivi hupotea machoni bila moto wowote. Hizo nyuzi 801 ndizo zinazonifanya nisikubali neno moja libebe matukio yote mawili. La kwanza linataka joto tu, wala halihitaji kitu cha pili. La pili haliwezekani bila maji, kwa kuwa chembe za maji ndizo zinazozitenganisha chembe za chumvi. Mwanafunzi aliyesoma yeyuka kotekote ana kila sababu ya kuamini kwamba chumvi kwenye glasi imegeuka kimiminika.

Jambo hili hupimika darasani. Andika kifungu kifupi chenye matukio mawili, nta inayopashwa moto kijikoni na gramu 10 za chumvi katika gramu 100 za maji. Nusu ya darasa wapewe chenye yeyuka tu, nusu nyingine chenye yeyuka na mumunyika, bila fasili yoyote. Kisha waulize uzito wa mchanganyiko ni gramu ngapi, kitabaki nini maji yakikauka, na uwaambie wachore chembe zilivyo. Anayejibu gramu 100 anadhani chumvi imetoweka. Mchoro ndio unaofichua zaidi: chumvi ikichorwa kama tone la peke yake ndani ya maji, neno limempotosha. Usiwaulize kama neno "linapendeza", maana watachagua walilolizoea.

Wapo wanaopendekeza kukopa, tuseme solusheni. Kwa majina kama oksijeni na sodiamu nakubaliana nao kabisa. Kwa kitendo, mkopo huo hauzai: itabidi ukope tena jina la kinachomumunyisha, la kinachomumunyishwa na la sifa yenyewe. Kutoka mumunya tunapata mmumunyo, kimumunyishi, kimumunyishwa na umumunyifu, na aliyeelewa moja hukisia mengine.

Kasoro ya mumunyika iko kwenye gesi. Pipi ni kitu kigumu, kwa hiyo sentensi "oksijeni imemumunyika katika maji ya bwawa" inaweza kumkwaza msomaji aliyeipita ile ya chumvi bila shida. Sentensi hiyo lazima iwemo kwenye jaribio, na wakikwama, mfano wa samaki anayepumua majini utangulie fasili kitabuni.