Shilingi 580 Chini ya Sifuri

Mimi na benki yangu tuna mapatano: mimi natia, yeye anachota. Nilidhani anachota kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi. Kumbe mwenzangu amevuta kiti, amenawa mikono, anakula.

Tarehe 12 mwezi wa nne nilikuwa na shilingi 3,000 kwenye simu. Pesa ikikaa kwenye simu yangu haifiki kesho, hilo mtaa mzima wa Mshomoroni wanalijua. Mara vocha, mara shemeji kakwama Likoni hana hata ya matatu. Basi nikasema hizi nizifiche benki. Nikazituma, nikalala usingizi wa tajiri. Asubuhi nikauliza salio: 2,420.

Nikauliza tena, nikidhani simu imechoka. 2,420. Nikakumbuka kuwa kabla ya hapo akaunti ilikuwa na shilingi 20. Kwa hiyo walikula 600, na wamekula usiku, mwenye mali amelala.

Nikaomba stetimenti ya miezi minne, ikaja kwa barua pepe, binti yangu akaitoa kwenye saiba pale Mwembe Tayari kwa shilingi 10 kila ukurasa. (Hiyo nayo ni ada, lakini angalau niliiona ikitoka mfukoni.) Nikavaa miwani, nikaegesha tuktuk kivulini nyuma ya soko la Kongowea, nikaanza kusoma kama ninavyosoma gazeti, juu kwenda chini. Baada ya dakika kumi sikuwa nimeelewa kitu. Kila mstari una tarehe, maelezo, pesa iliyotoka, iliyoingia na salio, na kila mstari peke yake una sura ya mtu mwema.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani, karani mstaafu wa bandarini, aliyezeeka akikagua hati za mizigo. Akaniambia, "Yakhe, usisome kwa tarehe. Soma kwa jina." Akatandaza kurasa nne kwenye kiti cha abiria, mwezi kando ya mwezi, akaniambia nitafute maneno yanayojirudia kwenye safu ya maelezo. Mteja akikulipa, jina hubadilika na kiasi hubadilika. Ukiona jina ni lile lile, kiasi ni kile kile na tarehe ni ile ile kila mwezi, hapo kuna mashine inayokukata, wala si mtu.

Nikatafuta. Mwezi wa kwanza tarehe 5: `STO`, shilingi 1,500. Mwezi wa pili tarehe 5: `STO`, shilingi 1,500. Mwezi wa tatu tarehe 5, hakuna 1,500, lakini kuna mgeni: `STO UNPAID CHG`, shilingi 500, na chini yake `EXCISE DUTY`, shilingi 100. Mwezi wa nne, tarehe 5, mgeni yule yule na mkia wake.

Hizo ndizo 600 zangu! Akaunti ilikuwa na 20, wakakata 600 hewani, salio likawa 580 chini ya sifuri. Likakaa hapo wiki nzima, kimya, kama mamba mtoni, likingoja nitie chochote. Nilipoleta zile 3,000, likafumba mdomo.

Mzee akagonga ule mstari wa 100 kwa kidole. Akasema huo ushuru ni rafiki yako, usiuchukie. Benki ikikata ada kama hii, serikali nayo hudai asilimia 20 ya ile ada, kwa hiyo ada hutembea na ushuru wake nyuma kama mama na mtoto. 500 na 100. Ukiona mstari wa ushuru kama huu, zidisha mara tano upate ada yenyewe, kisha uitafute iko wapi. Na ukiona makato yasiyo na ushuru nyuma yake, kama zile 1,500, basi kuna uwezekano mkubwa si ada ya benki. Ni pesa inayokwenda kwa mtu mwingine, na swali ni nani aliyeiruhusu.

Nani aliyeiruhusu? Mimi. Mwaka juzi nilichukua kiwanja Mtwapa kwa malipo ya pole pole, nikajaza fomu benki ya agizo la kudumu, ndilo hilo `STO`: kila tarehe 5 wakate 1,500 waipelekee ile kampuni. Mwezi wa kumi na mbili nikamaliza deni, tukala pilau. Lakini kwenye ile fomu, pale pa tarehe ya mwisho, niliacha wazi. Kwa hiyo kampuni ilijua nimemaliza, mke wangu alijua, majirani waliokula pilau walijua. Benki haikualikwa.

Miezi miwili nikalipa deni ambalo sina. Miezi miwili mingine nikatozwa faini kwa kushindwa kulipa deni ambalo sina. Wallahi hata shetani angeona haya.

Kwenye kaunta nikamkuta kijana mpole, tai imemkaba. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeibiwa." Akaangalia kompyuta, akasema, "Mzee, hujaibiwa. Umetii." Akanieleza taratibu: benki haiwezi kufuta agizo la mteja kwa kudhani, lazima mwenyewe aandike na atie sahihi, tena siku kadhaa kabla ya tarehe ya kukatwa. Zile 3,000 za mwezi wa kwanza na wa pili ziko kwa kampuni, nikazidai huko na barua yangu ya kumaliza deni. Zile 1,200 za faini na ushuru, agizo lilikuwa hai, akaunti ilikuwa tupu, basi zilikatwa kwa haki. Akanionyesha na orodha ya ada ukutani. Ilikuwa pale siku zote, imefunikwa nusu na ua la plastiki.

Nikamuuliza kama benki inajua kunitafuta kukata, kwa nini haijui kunitafuta kuniambia. Akasema, "Tulikutumia ujumbe, mzee." Nikafungua simu. Kweli, upo, tarehe 5, katikati ya ujumbe 214 ambao sijasoma, umebanwa na kampuni za kamari mbili na mtu anayetaka kunikopesha.

Nikatia sahihi ya kufuta, nikadai nakala yenye muhuri, nikaondoka.

Kosa langu lilikuwa kurudi nyumbani na maarifa. Jioni nikamkalisha mama watoto, nikamfundisha yote kwa majivuno: kurasa kando kwa kando, soma kwa jina, tafuta kinachojirudia. Alisikiliza vizuri sana. Tulipomaliza za benki akasema, "Na ya simu je?" Binti, ambaye sijui nimlaani au nimsomeshe zaidi, akapiga `*334#`, ikaja ya M-Pesa.

Mke wangu hakusoma kwa tarehe. Aliteremsha kidole polepole kwenye ile safu ya `Details`, akakaa kimya, akarudi juu, akateremka tena. Kisha akavua miwani yangu usoni kwangu, akaivaa yeye.

"Baba watoto," akasema, "hiki kibanda kilicho kando ya steji yenu, shilingi 100, saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumapili. Jina lile lile, kiasi kile kile."

Nikanyamaza.

"Na halina ushuru nyuma yake," akasema. "Kwa hiyo si ada. Nani aliyeiruhusu?"