Jina la chombo lipigiwe redio kabla ya kupigwa rangi

Wenye vyombo vya baharini wengi huchagua jina kwa mapenzi: la mama, la binti, la nyota, la dua. Sina ubishi na mapenzi hayo. Ubishi wangu ni kwamba jina hupelekwa kwa mchoraji kabla halijajaribiwa mdomoni, na mahali pa kulijaribia ni kwenye redio.

Chombo kinapopata ajali, nahodha husema “Mayday” mara tatu, kisha hutaja jina la chombo mara tatu. Anayepokea akiwa hajalishika, litatajwa herufi kwa herufi, na kwenye redio kila herufi ina neno lake. SUBIRA inakuwa Sierra, Uniform, Bravo, India, Romeo, Alfa: maneno sita. NYOTA YA ASUBUHI ni maneno kumi na manne, huku upepo ukivuma na maji yakiingia. Kwa hiyo litamke jina mara tatu mfululizo, kwa haraka, mbele ya mtu asiyelijua, kisha umwombe aliandike. Akikosea, badilisha jina, si msikilizaji. Kanuni za Marekani za vyombo vinavyosajiliwa kitaifa zinakataa jina linalofanana, hata kwa sauti tu, na neno la kuombea msaada baharini, na jina lisizidi herufi 33.

Baada ya sikio, jicho. Kanuni hizohizo zinataka jina na bandari ya chombo cha starehe viandikwe pamoja, mahali panapoonekana nje ya chombo, kwa herufi zisizopungua inchi 4, yaani kama sentimita 10. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 ilitaka kimo hichohicho: jina pande zote mbili za omo, yaani mbele ya chombo, na jina pamoja na bandari kwenye tezi, yaani nyuma yake, kwa rangi nyeupe au ya njano juu ya weusi, au nyeusi juu ya weupe. Mwenye macho mazima huishiwa na uwezo wa kusoma herufi ya sentimita 10 karibu na mita 70, na mawimbi huupunguza umbali huo. Sasa piga hesabu. Herufi nene ya kimo hicho, pamoja na nafasi yake, hula kama sentimita 8. SUBIRA inataka takriban sentimita 48. NYOTA YA ASUBUHI, ukihesabu na mapengo mawili, inataka 128. Tezi yenye upana wa sentimita 120 haiwezi kuibeba ila kwa kubana herufi, na herufi zilizobanwa hugandana ukiwa mbali.

Mabaharia wa zamani waliamini kwamba kubadili jina la chombo ni kisirani, kwa sababu mungu wa bahari anayaweka majina yote katika daftari lake. Anayelazimika kulibadili, alifute jina la zamani kila mahali kabla ya kulipandisha jipya. Mimi naiheshimu mila hii kwa sababu ina akili ndani yake. Boya la kuokolea lenye jina la zamani likielea peke yake, watafutaji watakisaka chombo ambacho hakipo tena. Rehani nayo hufuata chombo kupitia rejista, na sheria ile ya 1894 ilikataza kubadili jina bila kibali.

Rangi isiguswe kabla msajili hajalikubali jina. Rejista nyingine hukataa jina lililokwisha kuchukuliwa, nyingine huruhusu yafanane kwa kuwa namba rasmi ndiyo inayotofautisha vyombo. Peleka jina pamoja na mbadala wake, ungoje jibu la maandishi.

Kwenye kupaka, kosa linaloonekana mbali zaidi ni mstari wa chini. Ukiuchora sawa na ardhi, kwenye omo jina huonekana linaanguka. Lifuate pinda la ukingo wa juu wa chombo. Herufi ziwe wima. Za kulala kulia, upande wa kulia wa chombo huinamia omo, lakini upande wa kushoto huinamia tezi, na chombo huonekana kinarudi nyuma. Jina likae pia nyuma ya njia ya mnyororo wa nanga, la sivyo mnyororo utalikwangua.

Kwenye faiba, safisha kwa sabuni, kisha ondoa nta kwa kitambaa chenye thina kabla ya kushika msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itabanduka kama ganda. Paka rangi mikono miwili myembamba, na uvute tepu uliyobandika kwenye kingo za herufi wakati mkono wa mwisho bado unanata kidogo. Ukingoja ukauke, ukingo utachanika. Kama palikuwa na jina la zamani, kivuli chake kitabaki, kwa kuwa jua lilichakaza faiba iliyozunguka herufi na si iliyofunikwa nazo. Sugua eneo zima kwa dawa ya kung'arishia mpaka kivuli kipotee ukikitazama kwa mshazari, asubuhi au jioni. Jua la utosini hukificha.