Babu wa rangi mbili

Babu yangu alikuwa mtu wa picha. Kwenye ukuta wa sebule yetu Ngamiani, Tanga, kulikuwa na Babu kijana na tarabushi, Babu na sare ya reli, Babu na Bibi wamekaa wima kana kwamba wamemeza fimbo, na Babu kashika baiskeli ambayo hakuwahi kuimiliki, maana ilikuwa ya studio. Zote nyeusi na nyeupe. Na jambo moja ambalo hakuna aliyelihoji: katika zote, hata ile ya juzi juzi, Babu hakuwa amezeeka.

Fundi wake wa picha alipopata filamu ya rangi kutoka Mombasa, alikuja nyumbani mwenyewe kumwarifu. Ulikuwa mwaka 1983, mwaka wa kusaka wahujumu uchumi, hata kipande cha sabuni watu walikificha uvunguni. Fundi aliangalia dirishani kwanza, ndipo akaitoa filamu mfukoni. Babu akaipindua pindua mkononi, akauliza, "Na ndevu zitatoka nyekundu?"

"Kila kitu kama kilivyo, mzee wangu."

Hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Babu alikuwa akipaka hina ndevu miaka nenda miaka rudi, na miaka yote hiyo ukutani ilitoka kijivu. Usiku huo Bibi alimsiliba hina mpya, na asubuhi akatoka na kanzu ya maziwa, kofia ya viua na koti lake la kijani la Idi. Mimi nikapewa kazi ya kubeba bakora.

Studio ilikuwa chumba kimoja. Kushoto dirisha kubwa, siku hiyo liko wazi kwa ajili ya joto. Kulia balbu ya wati 500 juu ya mti wake. Nyuma pazia la turubai lenye minazi na meli, yote yamechorwa kwa kijivu, kwani nani angepoteza pesa za rangi kwa kitu ambacho kamera haikuwa na uwezo wa kuiona? Fundi alipanga taa na dirisha kama alivyozoea, upande mmoja wa uso ung'ae na mwingine uwe na kivuli kidogo, akasema, "Usipumue," akabonyeza.

Kisha tukangoja. Filamu ilikuwa na picha 36, na hapakuwa na wa kuipeleka Dar es Salaam kusafishwa ikiwa nusu. Babu akageuka mpiga debe wa studio. Kila aliyepita barazani aliambiwa ana sura inayofaa rangi. Kuna jirani alikuwa anamdai Babu. Akakubali kupigwa picha badala ya deni, jambo ambalo fundi aliarifiwa baadaye.

Bahasha iliporudi na basi, wazee walikuwa barazani na kahawa yao. Babu akaifungua mbele ya watu. Hilo nadhani ndilo lililomuuma kuliko yote.

Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa rangi ya chungwa lililoiva. Upande wa kushoto ulikuwa buluu. Mpaka ulipita katikati ya pua. Ndevu nusu zilikuwa zinawaka moto, nusu nyingine zambarau. Kanzu ilifuata mkumbo. Nyuma yake, minazi ya kijivu.

Pakawa kimya. Mzee mmoja akavaa miwani. "Huku umeungua," akasema, akisogeza kidole. "Na huku, ndugu yangu, umeshakufa."

"Labda ni ya watu wawili," akasaidia mwingine.

Babu akaita kioo kiletwe. Akajiangalia, akaiangalia picha, akajiangalia tena, akamwita Bibi. Bibi akatazama muda mrefu, akasema huyu wa kushoto anamfahamu, ndiye yule akiombwa pesa ya sokoni.

Fundi aliitwa, akaja mbio. Alieleza, na kusema kweli alieleza vizuri, ingawa wakati ule hakuna aliyetaka kuelewa. Mwanga wa balbu una wekundu mwingi. Mwanga wa dirishani, hasa wa kivulini pasipoingia jua lenyewe, una ubuluu, kwa sababu unatoka angani. Jicho la mtu limezoea, linavisawazisha vyote viwili bila kuomba ruhusa, kwa hiyo chumbani pale hakuna aliyeona kasoro. Filamu nyeusi na nyeupe nayo haijali, kwake mwanga ni mwingi au ni kidogo, basi. Ile ya rangi imetengenezwa kwa mwanga wa mchana na haina adabu ya kunyamaza.

"Warudie kuichapa," akasema Babu.

Ikarudishwa Dar. Ikaja ya pili: upande wa kulia umepoa, karibu na rangi ya mtu. Wa kushoto sasa ulikuwa buluu ya wino wa shule. Ndani ya bahasha wameandika kwa mkono kwamba wakichapa wanaweza kuongeza au kupunguza rangi, lakini inaongezeka picha nzima. Upande mmoja ukipona, mwingine unazidiwa. Kama balbu ingekuwa peke yake wangeisawazisha kwa kiasi chake. Kama dirisha lingekuwa peke yake, vilevile. Viwili pamoja, pole.

Babu aliisogeza picha ya pili karibu na uso, kwenye huo upande uliopona, na hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanza.

"Hii mikunjo ya nani?"

Fundi akatazama chini.

"Nakuuliza wewe. Picha ya Idi iliyopita sina mikunjo hii. Rangi inaleta na mikunjo?"

"Mzee wangu... ile nilikuwa naifuta."

"Unaifuta na nini?"

"Na penseli."

Ikabidi aseme yote. Kwenye negativu mambo yamegeuzwa, mkunjo ambao kwenye picha utakuwa mweusi, pale ni kijistari kinachopitisha mwanga. Fundi anaiweka negativu juu ya kioo chenye mwanga kwa chini, anaipaka dawa kidogo ili penseli ishike, anachonga penseli mpaka iwe sindano, kisha anagusa gusa ule mstari polepole, nukta kwa nukta. Risasi inazuia mwanga, mkunjo unachapwa mweupe kama ngozi ya jirani yake. Paji la uso la Babu peke yake lilikuwa linamla jioni nzima.

"Tangu lini?"

"Tangu... ile ya sare ya reli, kidogo kidogo."

Wazee wa baraza wakaacha hata kunywa kahawa. Bibi alikaa chini kwenye jamvi, anacheka huku anajipangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Kumbe na mimi ningeomba niolewe na ile ya ukutani," akasema.

Babu hakucheka. Aliwatazama wote mmoja mmoja, akamgeukia fundi kwa sauti ya mtu anayefanya biashara.

"Utanipiga nyingine. Ya rangi. Nje, barazani hapa, mwanga mmoja. Balbu yako iache huko huko."

"Inshallah, mzee wangu."

"Na uje na penseli."

Fundi akakuna kichwa. "Mzee, zile za zamani negativu ilikuwa pana kama kiganja cha mtoto. Hii ya rangi ni ndogo, uso wako pale hauzidi punje ya hindi. Penseli gani itaingia?"

Babu akachukua bakora yake kwangu, akasimama.

"Basi ichonge."