Maikrowevu haipashi kutoka ndani, ndo maana chakula kinabaki baridi katikati (na kwa nini yai ni kesi tofauti)

Kuna hii imani kwamba maikrowevu inapasha chakula kuanzia ndani kuja nje. Nimeisikia mara nyingi sana na kila mara inanikera, maana mtu huyohuyo anayekuambia hivyo ndiye anayelalamika kwamba wali wake unatoa moshi pembeni lakini katikati bado una baridi ya friji. Sasa kama joto lingekuwa linaanzia ndani, katikati si ndo pangekuwa pa moto kuliko kote? Imani hii ina madhara kabisa, kwa sababu mtu akiona mvuke juu ya sahani anaamini kazi imeisha, anakula, na pale katikati penye uvuguvugu bakteria wako hai wanaendelea na maisha yao.

Ni hivi. Maikrowevu inatoa mawimbi ya gigahezi 2.45, na hayo mawimbi yakikutana na maji yaliyomo kwenye chakula yanayatikisa na nguvu yao inageuka joto. Lakini hayapiti hadi upande wa pili kama mwanga kwenye kioo. Kila yanapoingia ndani zaidi yanazidi kunyonywa, na kwenye chakula chenye maji mengi sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye sentimita moja mpaka tatu hivi za mwanzo, inategemea ni chakula gani na kina chumvi kiasi gani (chumvi inafanya yaishie karibu zaidi na juu). Kwa hiyo kile kinachopashwa moja kwa moja na mashine ni tabaka la nje tu. Kule ndani kunapata joto kwa njia ileile ya siku zote, joto linatambaa polepole kutoka sehemu ya moto kwenda sehemu ya baridi, na chakula ni kipitisha joto kibovu sana. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalizingatii, unene ukiongezeka mara mbili muda wa joto kufika katikati hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Ndo maana bonge la nyama linashinda mashine ambayo imeshapasha bakuli la supu vizuri tu.

Tuchukue mfano kamili. Una nusu kilo ya wali na mchuzi umetoka friji ukiwa na nyuzi 5, umeurundika kwenye bakuli lenye kina cha sentimita 8, mashine yako ni ya wati 800. Ukipiga hesabu ya joto linalohitajika kuufikisha wote kwenye nyuzi 75 unapata kama dakika mbili na nusu, tatu ukiweka na hasara ndogondogo. Yani nguvu inatosha kabisa! Tatizo ni kwamba haigawanyiki sawa. Pembeni mwa bakuli panafika nyuzi 90 na kitu, mchuzi unaanza kuchemka na kurukaruka, wakati katikati ukichomeka temomita unaweza kukuta 25 au 30. Ukiongeza dakika nyingine mbili kwa nguvu ileile, unachoongeza zaidi ni mvuke wa pembeni, wali wa ukingoni unakauka unakuwa kama punje za plastiki, na katikati panapanda kidogo tu. Mimi nasema kuongeza dakika ndo kosa kubwa la watu wengi wanaotumia hii mashine, na watengenezaji nao wanalichochea wakiweka kile kitufe cha kuongeza sekunde 30 kikubwa kuliko vyote.

Kuna na tatizo la pili juu ya hilo. Kuta za ndani za maikrowevu ni za chuma, mawimbi yanagonga yanarudi, yanakutana na mengine yanayokuja, mahali pengine yanaongezeana nguvu na mahali pengine yanafutana. Wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 12 na kidogo, kwa hiyo sehemu kali zinapishana kama sentimita 6 kutoka moja hadi nyingine, japo zikiwa ndani ya chakula mpangilio unabadilika. Ukitaka kuziona kwa macho, toa sahani ya kioo inayozunguka pamoja na kile kigurudumu chake, weka vipande vyembamba vya chokoleti kwenye sahani bapa, washa sekunde chache tu uangalie, utakuta madoa yameyeyuka na pembeni yake chokoleti bado ngumu. Sahani inayozunguka iliwekwa kwa ajili hiyo, kukipitisha chakula kwenye sehemu kali na dhaifu kwa zamu. Ila fikiria kidogo, sahani inapozunguka, kitu kilichokaa katikati kabisa hakiendi popote, kinajizungushia palepale, kama pale pana udhaifu basi kinabaki kwenye udhaifu muda wote. Na sisi wote tunaweka bakuli wapi? Katikati!

Chakula kilichoganda ndo kabisa. Barafu inanyonya haya mawimbi kidogo mno ukilinganisha na maji, kwa hiyo sehemu ya kwanza kuyeyuka inaanza kunyonya nguvu nyingi kuliko jirani yake, inapata moto zaidi, inanyonya tena zaidi, mwisho unapata nyama iliyoiva ukingoni na jiwe la barafu ndani. Ile seti ya kuyeyushia kwenye mashine nyingi inawasha na kuzima, inawasha na kuzima, na ule muda wa kuzima ndo unaofanya kazi, joto linapata nafasi ya kusambaa. Usiikatishe kwa sababu unaona mashine imenyamaza.

Kwa hiyo kwenye lile bakuli letu mimi nafanya hivi. Natandaza wali usizidi sentimita tatu au nne, naacha shimo katikati ili chakula kikae kama pete, kwa sababu shimo linaipa pete ukingo wa ndani nao unapata mawimbi. Nafunika na kifuniko kilicholegea ili mvuke ukae kidogo na usaidie kupasha juu. Naweka nguvu nusu, dakika tatu, nakoroga kuleta cha ndani nje, tena dakika tatu, halafu naacha dakika mbili bila kugusa. Kule kusubiri ni sehemu ya kupasha, si ushauri wa kujaza maneno kwenye pakiti, joto bado linatembea kuelekea katikati hata kama mashine imezimwa. Ukiwa na temomita, kipimo kinachotumika sana kwa viporo ni nyuzi 74, na kipimwe katikati, si pembeni ambako kila mtu anapenda kuchomeka kwa sababu ndo panapatikana kirahisi.

Sasa yai. Hapa mtu mwerevu ataniuliza, kama katikati panachelewa kupata moto, mbona yai linalipuka kutokea ndani? Swali zuri, na jibu lake ndo linanifanya niipende hii mada. Yai ni dogo na ni mviringo. Upana wake ni kama sentimita nne na nusu, maana yake kutoka ganda hadi katikati ni sentimita mbili na kidogo tu, umbali ambao mawimbi yanaufikia yakiwa bado na nguvu. Na kwa sababu ya umbo lake yanaingia kutoka pande zote na kujikusanya katikati. Kitu kinene kinabaki baridi katikati, kitu kidogo cha mviringo kinaweza kuwa na moto zaidi katikati, sheria ni ileile, kilichobadilika ni ukubwa. Ongeza kwamba kiini kina maji kama nusu tu na mafuta mengi, wakati ute ni karibu asilimia 90 maji, na kitu chenye maji kidogo kinahitaji joto kidogo ili kipande nyuzi. Kiini kinakimbia mbele.

Basi kiini kinafika nyuzi 100 na kupita, kikiwa kimezungukwa na utando wake, na ute ulioganda, na ganda. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita 1.7 hivi. Ganda lina vitundu vidogo vingi lakini haviwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo. Kutoboa ganda kwa sindano hakukusaidii sana kwa sababu utando wa kiini bado mzima kule ndani.

Na wale wanaosema lao limeshachemshwa na kumenywa kwa hiyo halina shida, tafadhali msilirudishe kwenye maikrowevu likiwa zima. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa sauti wa Marekani, Anthony Nash na Lauren von Blohn, waliwasilisha majaribio ya karibu mayai 100 yaliyokwishachemshwa, waliyapasha ndani ya maji kwenye maikrowevu, na kwa wastani kiini kilikuwa na moto kuliko maji yaliyolizunguka yai. Mengine yalipasuka humohumo, na yale yaliyotoka salama, walipoyachoma na kitu chenye ncha, karibu theluthi yalilipuka hapo nje, kwa sauti ya kati ya desibeli 86 na 133 umbali wa sentimita 30. Maelezo yao ni kwamba ndani ya kiini kuna vijimifuko vya maji vilivyopita nyuzi 100 bila kuchemka, ukivigusa kwa uma au meno vinachemka vyote kwa mpigo. Wenyewe walisema uwezekano wa kuumia masikio ni mdogo, sawa, lakini mimi nawaza mdomo na macho, kiini cha nyuzi zaidi ya 100 usoni si jambo dogo. Kama lazima upashe, likate vipande, vunjavunja kiini, nguvu nusu, sekunde chache.

Kontena lililofungwa ni habari hiyohiyo ila mfuniko ndo ganda. Watu wanadhani inahitaji moto mkali sana kulipasua, hapana. Maji ya nyuzi 103 hivi yanatoa mvuke wenye presha kama sehemu moja ya kumi juu ya hewa ya kawaida. Inaonekana ndogo, ila mfuniko wa sentimita 10 kwa 15 unasukumwa nayo kwa uzito wa kama kilo 15, hapo vishikizo vya plastiki iliyolainika kwa joto vinaachia. Achia kona moja ya mfuniko kabla ya kuwasha, au uweke juu tu bila kubana. Na kama umesahau na unaona mfuniko umevimba, zima mashine, acha mlango umefungwa, subiri mpaka mfuniko ushuke wenyewe. Ukiufungua wakati umevimba presha inashuka ghafla, na yale maji yaliyopita nyuzi 100 yanachemka palepale mbele ya mkono wako.