Kodi ya dola: angalia maneno "kwa kiwango cha siku"

"Mwenye nyumba wa Shangani, Mtwara, anataka dola 300 kwa mwezi, nilipe shilingi kwa kiwango cha siku. Nijipangeje?"

Ndugu yangu, kwanza kanuni za serikali zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mwombe kwa heshima aandike kodi kwa shilingi. Hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko zote.

Kama una mkataba wa zamani ambao bado unarekebishwa, usikubali "kiwango cha siku" kikae hivyo hivyo. Siku ipi, ya kudaiwa au ya kulipa? Cha benki gani, cha kununulia au cha kuuzia? Mimi ningeandika kiwango cha wastani cha Benki Kuu, siku ya kwanza ya mwezi. Na kuna kifungu kinachoumiza wapangaji wengi hapa Mtwara: "kisipungue 2,600". Dola ikipanda unabeba wewe, ikishuka hupati nafuu. Dai na kikomo cha juu.

Mwaka 2024 dola ilifika karibu 2,700, kisha Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Dola 300 ni 810,000 dhidi ya 720,000. Kwa miezi sita ya mkupuo, tofauti ni 540,000! Basi pangia bajeti 2,700, na kila mwezi dola ikiwa chini, ile tofauti iweke akaunti ya pembeni. Kama kipato chako kinategemea msimu wa korosho, jaza akaunti hiyo korosho zikilipwa.