Jeraha la Hamza: jinsi Gurnah anavyosimulia vita katika Afterlives

Msomaji anayefungua Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2020, akitarajia mapigano ya kusisimua, huenda akahisi amepunjwa. Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani vilidumu zaidi ya miaka minne, hadi Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, Novemba 1918. Gurnah anaipitia sehemu kubwa ya miaka hiyo kwa sauti ya msimulizi aliyesimama mbali: vikosi vinakwenda na kurudi, vinapora chakula cha wanavijiji, vinachoma makazi, na nyuma yao nchi inabaki na njaa. Sentensi moja inaweza kubeba miezi mingi na maiti wengi. Swali ni kwa nini mwandishi anayejua kusimulia kwa ukaribu amechagua kusimama mbali hivyo.

Jibu mojawapo limo katika jeraha la Hamza, mmoja wa wahusika wakuu. Kijana huyu alijiandikisha kuwa askari kwa hiari yake, akawa mtumishi wa luteni wa Kijerumani aliyempenda na kumfundisha lugha yake. Jeraha linalombadilishia maisha halitoki kwa Waingereza wala katika shambulio lolote. Ni sajini Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe anayemkata kwa upanga karibu na nyonga, kwa hasira, baada ya askari wenzake Hamza kutoroka usiku. Hapo mwendo wa masimulizi unapungua ghafla. Hamza anapelekwa misheni, anauguzwa kwa muda mrefu, na hata anaporudi katika mji wake wa pwani bado anachechemea. Ukilinganisha nafasi aliyopewa mgonjwa na nafasi iliyopewa mapigano, utaona mwandishi anataka tusikie uchungu wa upanga huo zaidi ya mshindo wa mizinga. Ujeuri wa jeshi la kikoloni, anaonekana kusema, ulianza ndani ya kambi, na adui wa upande wa pili alikuwa kisingizio tu.

Wapo watakaoupinga usomaji huu, na hoja yao si nyepesi. Usimulizi huu unampa Hamza jina na uso, lakini wapagazi waliokufa njiani na wanawake waliopokonywa nafaka wanabaki umati usio na majina. Isitoshe, hatuonyeshwi kwa ukaribu mikono ya Hamza mwenyewe ilifanya nini, ingawa alivaa sare ileile ya waliochoma vijiji. Msomaji anamhurumia, na huruma hiyo inaweza kumsahaulisha kwamba askari hao walikuwa chombo cha mateso kwa wenzao. Binafsi naikubali nusu ya hoja hii. Ile nusu ya umati usio na majina ni kweli, tena inauma. Ile ya kumsafisha Hamza naitilia shaka, kwa sababu msimulizi haachi kuwataja askari kama watu waliopigania, kwa upofu, jambo lililokusudiwa kuwatawala wao wenyewe.

Uthibitisho zaidi uko katika yanayofuata baada ya vita. Hamza anapata kazi kwa mfanyabiashara wa mjini, anamwoa Afiya, na wanapata mtoto wanayemwita Ilyas, kwa jina la kaka yake Afiya aliyejitolea kwenda kuwapigania Wajerumani na hakurudi tena. Kisha mtoto huyo anaanza kusumbuliwa na sauti ya mwanamke inayoulizia alipo Ilyas. Watu wa pwani hawatahitaji kuelezwa kwa nini familia inamwita shekhiya, mwanamke anayeagua pepo, naye anatafuta kujua pepo huyo anataka nini. Mwandishi hamcheki shekhiya wala hamtetei. Anaiacha sauti iulize swali ambalo watu wazima wa nyumba hiyo wameliishi kimyakimya kwa miaka. Kwangu, ukurasa huo una uzito kuliko maelezo yoyote ya mapigano, kwa sababu anayebeba vita sasa ni mtoto ambaye hakuwahi kuisikia risasi.

Na kuhusu Ilyas mkubwa, kweli inajulikana baada ya miaka mingi. Alibaki upande wa Wajerumani, akaenda kwao, akaandamana na waliodai makoloni yarudishwe, kisha akafungwa kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani na kufia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1942. Habari hii nayo imeandikwa kwa ufupi, karibu kama taarifa ya ofisini. Anayedai kwamba ufupi wa Gurnah unafisha hisia aisome mistari hiyo ya mwisho tena: hakuna kilio hata kimoja ndani yake, wala mtu wa kulaumiwa aliyesimama mbele yetu, isipokuwa majalada ya serikali ambamo mpwa wake amelikuta jina lake.